Moja Iliyosomwa Saba

Mume wangu alifariki mwezi wa saba. Alikuwa dereva. Alikuwa akiwachukua wageni uwanja wa ndege wa Kilindoni, hapa kisiwani, na kuwapeleka kwenye nyumba wanakofikia, na siku hiyo alianguka pembeni ya gari lake kabla ndege haijatua. Presha, walisema hospitali. Tulimzika kesho yake asubuhi, Miburani, na mimi nikaingia eda.

Nilidhani nitalia sana. Nililia siku ya kwanza, halafu kitu kikakatika kama maji ya bomba yanavyokatika, huambiwi yatarudi lini. Watu walikuja kunipa pole, nikawajibu. Chakula kililetwa, nikala. Shangazi yangu alihamia kwangu, akawa ndiye anayefungua mlango, anayepika na kwenda dukani, kwa kuwa kwa miezi minne na siku kumi mimi sikutakiwa kutoka ila kwa dharura. Nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi: unaushika, unajua ni wako, lakini huusikii.

Kazini nilikuwa karani wa umoja wa wenye nyumba za wageni. Ofisi yetu ni chumba kimoja pale Kilindoni, meza mbili na kabati la chuma. Kazi yangu kubwa ya mwaka ilikuwa kijitabu. Ndani yake mna orodha ya nyumba za wageni, madereva, na waongozaji wanaopeleka watu kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma, kila mmoja na simu yake, barua pepe yake na sanduku lake la posta. Kinachapwa Dar es Salaam, kinagawiwa uwanja wa ndege, gatini, na kwa mawakala wa safari huko bara. Picha zake ni nzuri, lakini mtu hafiki kwa picha, anafika kwa namba. Picha ikitoka na ukungu, mgeni atakuja tu. Namba ikikosewa tarakimu moja, nyumba hiyo kwake haipo.

Mwezi wa nane, mwenzangu wa ofisini alikuja nyumbani. Alikuwa kijana wa watu kutoka Mbeya, mwenye mke na watoto wawili, mtaratibu. Alipiga hodi akabaki barazani. Shangazi akamtolea kiti.

"Dada, samahani," alisema akiwa nje ya pazia la mlango. "Prufu zimekuja. Mchapaji anazitaka ndani ya siku nne, la sivyo kijitabu kitatoka msimu umeshaanza. Mimi mwenyewe siziwezi. Mwaka jana nilisoma peke yangu ukurasa mmoja tu, wewe ukaokota humo makosa matatu."

Prufu ndizo karatasi za majaribio, zile ambazo mchapaji anakuonyesha kurasa zitakavyokuwa kabla hajachapa. Ukishazitia sahihi, kosa linakuwa lako.

Shangazi alinitazama. Nilimwambia naweza.

"Kazi ya kukaa ndani haina ubaya," alisema, kana kwamba nimemuuliza. "Na yeye akae hukohuko barazani."

Basi tukasoma hivyo. Mimi nilikaa kwenye mkeka ndani, na prufu mapajani na kalamu nyekundu. Yeye alikaa nje ya pazia na faili la fomu. Kila mwanachama huwa anajaza fomu kwa mkono wake, akaweka sahihi, na fomu hiyo ndiyo asili. Prufu inasomwa dhidi ya fomu, haisomwi dhidi ya kijitabu cha mwaka uliopita, maana ukisoma dhidi ya kijitabu cha zamani utahakiki kosa la zamani. Ofisini tulizoea kukaa bega kwa bega, yeye akisoma fomu kwa sauti na mimi nikifuata kwa ncha ya kalamu kwenye prufu, na jicho langu linaruka mara kwa mara kwenye fomu iliyo mkononi mwake. Sikuwahi kulihesabu jicho hilo kuwa ni sehemu ya kazi. Nililijua lilipokosekana.

"Tuanze," nilisema. "Tarakimu mojamoja. Usiniambie kumi na saba, niambie moja, saba."

"Najua, dada."

Tulisoma. Sauti yake ilikuwa inapita kwenye pazia, tarakimu baada ya tarakimu, na mimi najibu "sawa" mwisho wa kila mstari. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Namba haikuulizi unajisikiaje. Msanifu wa kurasa alikuwa amebadilisha simu zote zianze na alama ya kujumlisha na mbili tano tano, kwa ajili ya wageni wa nje, lakini kwenye baadhi aliacha sifuri ya mwanzo. Mgeni aliye nje akipiga hivyo simu haiendi. Nilizikata sifuri hizo moja baada ya nyingine, zilikuwa sita. Barua pepe moja ilikuwa na herufi m mahali ambapo fomu ilikuwa na r na n zilizokaribiana. Nyingine ilikuwa na kistari cha chini katikati ya maneno mawili, lakini msanifu alikuwa amepigia mstari anwani zote, na mstari ule ulikifunika kistari, kikaonekana kama nafasi tupu. Niliandika pembeni: ondoa mistari chini ya barua pepe zote. Nyingine ilikuwa ndefu, imekatika mwisho wa mstari, na kompyuta ikaiongezea kistari cha kuunganisha ambacho si chake. Mtu angekiandika kistari kile na barua yake isingefika kokote.

Masanduku ya posta tuliyahakiki pia, pamoja na zile tarakimu tano za msimbo wa posta. Wengi wetu hatuna sanduku letu, tunatumia la shule au la msikiti au la ndugu. Mwenzangu alikuwa ameshapita posta kuulizia yale tuliyoyatilia shaka, na mawili aliambiwa yalikwisha kufungwa. Tuliyafuta.

Tukafika kwa madereva. Alisoma wawili watatu.

"Dada," alisema. "Huyu anayefuata..."

Nilikuwa nimeshaliona jina kwenye prufu.

"Isome," nilimwambia.

"Tunaifuta tu, si lazima niisome."

"Isome."

Akaisoma namba ya mume wangu, tarakimu mojamoja, polepole kuliko nyingine. Nilifuata kwa ncha ya kalamu. Ile fomu aliijaza mwezi wa tano, kwenye meza ya kulia chakula, akiniuliza kama aandike kwa herufi kubwa.

"Iko sawa," nilisema. Halafu nikapiga mstari mwekundu juu yake na kuandika pembeni: ondoa.

Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha kuchambua. Mimi sikusikia kitu. Nilimwambia mwenzangu aendelee.

Orodha ya madereva iliishia hapo, zikaja nyumba za wageni, na mstari wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu. Alikuwa mtu mzima, mjane wa miaka mingi, aliyeifungua nyumba yake kwa wageni baada ya watoto kuhama. Barua pepe hana. Sanduku ni la shule ya jirani. Alikuwa na simu tu, na simu yenyewe ilikuwa na laini mpya mwaka huo, kwa sababu ya zamani ilitumbukia majini na hakuweza kuirudisha. Kwa hiyo hata mimi sikuwa nayo namba yake mpya. Ilikuwa kwenye fomu, hakuna pengine.

Mwenzangu aliisoma. Tarakimu ya mwisho alisema "saba." Kwenye prufu ilikuwa saba.

"Sawa," nilisema.

Sitaki kuandika kwamba kosa lilitokea kwa sababu ya mume wangu. Baada ya hapo tulisoma nyumba kumi nyingine na zote zilikuwa sahihi. Nilikuwa makini. Watu hudhani mtu aliyefiwa anakosea kwa sababu ya machozi, na mimi machozi sikuwa nayo.

Kesho yake nikapiga simu. Hiyo ilikuwa hatua ya pili, na niliianzisha mimi: prufu ikishalingana na fomu, kila namba inapigwa, maana fomu yenyewe inaweza kuwa imekosewa. Kwenye barua pepe tunatuma ujumbe na kusubiri jibu. Kutorudi kwa ujumbe hakutoshi, kwa sababu anwani uliyoikosea inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, naye akaupokea akaufuta. Na kwenye simu kuna kanuni moja: humtajii mtu jina lake. Unamuuliza, "Nani mwenzangu, na uko wapi?" Yeye ndiye ataje. Ukimtajia wewe, ataitikia chochote. Nilimfundisha mwenzangu kanuni hiyo, na siku moja nilimkemea alipoivunja.

Nilipiga simu hizo nikiwa nimekaa kitandani, shangazi amelala chumba cha pili. Madereva wote walipokea. Wawili walinipa pole tena. Mstari wa mume wangu niliuruka. Halafu nikapiga namba ya yule mama.

Sauti ya mwanamke ilipokea, mbali, na mtandao unakwaruza. Sikushangaa kuwa si sauti yake, kwa sababu simu yake mara nyingi hupokewa na mwanamke anayemfulia mashuka.

"Haloo."

"Haloo, assalaam alaykum. Samahani kwa usumbufu, tunahakiki namba za simu. Namba hii bado inatumika?"

"Ndiyo, inatumika."

"Iko sawa? Haijabadilika?"

"Iko sawa."

"Haya, asante sana."

Nikaweka tiki. Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu hapo, na kila mara namsikia mwanamke huyu mwenye sauti yangu akiyasema vizuri, kwa adabu, bila kuuliza swali moja lililotakiwa.

Prufu ya pili ilikuja. Niliangalia kama masahihisho yameingia, na kama kufutwa kwa mstari wa mume wangu hakukuzisogeza namba zilizofuata, maana ukifuta mstari kwenye jedwali bila uangalifu majina yanabaki na namba zinapanda, kila mtu anapata simu ya jirani yake. Hazikuwa zimesogea. Nilitia sahihi.

Kijitabu kilitoka mwezi wa tisa. Mwenzangu alinipitishia nakala moja chini ya pazia. Kilikuwa kizuri. Niliiweka juu ya kabati.

Msimu wa papa potwe ukaanza. Nilijua kwa ndege, zilikuwa zinapita juu ya paa mara nyingi zaidi. Yule mama alikuja kunitazama mara mbili kipindi hicho, na mara zote mbili aliniletea samaki wa kukaanga amefunikwa kwa sahani. Mara ya pili tulikaa chumbani, mimi na yeye na shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala sana."

"Basi ni hivyo. Mimi wa kwangu alipofariki nililala mwaka mzima." Alifuta uso kwa upande wa kanga. "Mwaka huu simu imelala na yenyewe. Nawaona wageni wanapita barabarani, kwangu hawaingii. Labda wanataka zile hoteli za ufukweni."

"Msimu bado mchanga, mama," nilimwambia.

"Labda."

Kijitabu kilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka alipokaa. Sikunyanyuka.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, zimebaki siku chache eda iishe, mwenzangu alipokuja tena. Safari hii hakukaa kwenye kiti. Nilimsikia anasimama nje ya pazia, viatu vyake vinasugua sakafu ya saruji.

"Dada, kuna mwalimu mmoja kapiga simu ofisini. Yuko bara huko, Songea. Anasema tangu mwezi wa kumi anapigiwa na Wazungu wanaotaka chumba."

"Kapata wapi namba ya ofisi?"

"Mgeni mmoja alimtumia picha ya ukurasa. Akaona namba yake imechapwa, na chini ya ukurasa kuna ya kwetu."

"Kwenye mstari wa nani?"

Akamtaja yule mama.

Nilimwomba anipe fomu. Aliipitisha kupitia kwa shangazi. Niliishika na kuitazama, na niliona mara moja. Yule mama alisoma zamani, kwa walimu wa zamani, na moja yake anaiandika na kofia ndefu inayoshuka kushoto. Saba yake ina kistari katikati. Mtu anayeujua mkono wake hawezi kukosea, na mimi naujua, nimepokea fomu zake miaka sita. Ya mwisho ilikuwa moja. Msanifu, aliyekuwa Dar es Salaam, aliisoma saba. Mwenzangu, nje ya pazia, aliisoma saba. Mimi sikuiona. Macho mawili yaliyokosea kwa namna moja hulingana, na mimi nilikubali kulingana kwao.

"Lakini ulipiga simu," mwenzangu alisema. Hakunilaumu, alikuwa anatafuta mlango wa kunitoa. "Kuna tiki."

"Nilipiga," nilisema. "Nipe namba ya huyo mwalimu."

"Ni hiyo hiyo iliyochapwa, dada."

Nilimpigia mwalimu palepale. Alikuwa na sauti ya utulivu, na nyuma yake watoto wanasoma kwa pamoja. Aliniomba nisubiri atoke darasani.

Nilijitambulisha, safari hii vizuri. Nilimwambia kosa ni letu, na kwamba ni mimi.

"Sauti yako naikumbuka," alisema. "Ni wewe uliyenipigia ukaniuliza namba yangu kama iko sawa. Nikajua ni watu wa kampuni ya simu, wanahakiki laini. Nikakwambia iko sawa. Ilikuwa sawa, dada. Ni yangu."

"Ni kweli."

"Mwanzoni nilikuwa nawaambia wamekosea namba. Wengine wanaandika ujumbe, wananiuliza kama kitanda kina chandarua, kama wanaweza kuja na mtoto. Mmoja alipiga ameshafika uwanja wa ndege, ananiuliza niko wapi. Huyo nilimhurumia. Hata hicho kisiwa sijawahi kukiona."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba pia, kama hajazifuta, anitumie namba za wale walioandika. Alisema hajazifuta, na kwamba atazinakili kwenye ujumbe wa maandishi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Nitazisoma mara mbili kabla sijakutumia. Nawe zihesabu tarakimu."

Zilikuja jioni, namba kumi na moja zenye misimbo ya nchi mbalimbali. Nilizihesabu tarakimu.

Sasa ilibaki kumwambia mwenyewe. Shangazi alisema nisubiri eda iishe nimwendee kwake, jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Alikuwa sahihi, lakini kila siku niliyoisubiri ilikuwa siku ya msimu. Nilipiga namba ya fomu, yenye moja mwishoni. Iliita mara mbili.

"Haloo."

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Wewe umepiga hujui unampigia nani?" Halafu akanitambua. "Ni wewe, mwanangu? Kuna nini?"

Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa, kwa mfuatano, fomu, pazia, simu, tiki. Sikupunguza wala sikujitetea. Nilijisikia kama ninasoma taarifa ya mtu mwingine. 

"Kwa hiyo walikuwa wanapiga," alisema.

"Walikuwa wanapiga."

"Mimi nilisema wamenichoka." Akavuta pumzi. "Nimeshamwambia yule mwenzangu wa mashuka atafute kazi kwingine. Ameondoka wiki iliyopita, amekwenda kwa dada yake Rufiji. Na chumba kimoja nimekijaza nazi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akaaga.

Nilikaa na simu mkononi. Nilingojea nijisikie vibaya kwa kiasi kinacholingana na jambo lenyewe. Nilijua ni kubwa, ningeweza kulipima kwa maneno, lakini ndani palikuwa patupu vilevile kama siku ya mstari mwekundu. Hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Tulifanya yaliyowezekana. Kijitabu kilichokuwa kwenye tovuti yetu kilirekebishwa siku hiyohiyo. Vya karatasi vilikuwa vimeshasambaa. Mwenzangu alichapa namba sahihi kwenye karatasi ya gundi, mistari midogo midogo mingi kwenye ukurasa mmoja, na kabla hajazichapa zote nilimtaka aniletee mstari mmoja niipige namba kutoka kwenye karatasi yenyewe, si kutoka kwenye fomu. Nilipiga. Akapokea yule mama, nikamuuliza yeye nani, akataja jina lake na la nyumba yake kwa sauti ya mtu anayeitwa darasani. Ndipo nikasema zichapwe zote.

Vijitabu vilivyobaki ofisini vililetwa kwangu kwa maboksi. Shangazi alikata kwa mkasi, mimi nilibandika. Unafungua ukurasa, unaweka ukingo wa karatasi kwenye ukingo wa mstari, unabonyeza kwa kidole gumba, unafunga. Karatasi ikienda upande inafunika namba ya jirani yake, kwa hiyo kila kimoja nilikifungua tena nikakitazama. Mwenzangu alikwenda uwanja wa ndege na gatini akabandika vya huko. Vilivyokuwa kwa mawakala bara hatukuvipata. Tuliwaandikia, baadhi walijibu kwamba watabandika, na sijui kama walibandika.

Watu kumi na mmoja wa mwalimu niliwaandikia wote, nikaeleza kuwa namba ilikosewa, na hii hapa ndiyo sahihi. Wanne walijibu. Wawili walikuwa wameshakuja wakakaa kwingine na kurudi kwao. Mmoja alisema pole, labda mwaka ujao. Wa nne alikuwa mwanamke aliyekuwa bado Zanzibar, akaja, akakaa kwa yule mama siku tano. Alikuwa mgeni wake wa kwanza msimu huo. Nazi zilitolewa chumbani.

Eda yangu iliisha mwisho wa mwezi. Nilioga, nikavaa nguo nyingine, shangazi akanifukiza udi, wanawake wa jirani wakaja wakala wakaondoka. Siku ya tatu nilitoka, na mahali pa kwanza nilipokwenda ni kwa yule mama. Nilikwenda kwa bodaboda. Jua lilikuwa kali, na macho yangu yalikuwa yamezoea ndani, nikawa natazama chini njia nzima.

Alikuwa uani anaanika mashuka mwenyewe. Nilimwamkia, nikashika ncha ya pili ya shuka, tukalivuta, tukalikunja, tukalitundika. Tulimaliza matano.

"Yule wa Rufiji hatarudi," alisema baadaye. "Amepata kazi huko."

"Nilisikia, mama."

"Ningemlaumu nani? Nilimfukuza mimi." Alinitazama. "Wewe nilikulaumu. Siku kama nne nilikulaumu sana, nikawa nasema, mtoto yule nimempelekea samaki wangu. Halafu nikachoka. Mkono wangu pia ni mbaya, watoto wangu wananiambia siku zote."

"Mkono wako si mbaya. Mimi nausoma."

"Basi mwakani usome wewe."

Nilimwambia nitasoma mimi. Ndivyo ninavyofanya hadi leo. Fomu zetu sasa zina visanduku kumi vya simu, tarakimu moja kila kisanduku, na chini yake mwanachama anaiandika namba hiyohiyo tena kwa maneno: sifuri, saba, sita, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengi wanalalamika kuwa ni kazi ya shule. Tukimaliza kupiga, tunajaribu pia kuitumia namba hiyo pesa kidogo ili jina la mwenye laini litokee kwenye kioo, halafu tunaghairi kabla ya kuthibitisha. Mwenzangu ndiye aliyeleta wazo hilo.

Mwalimu wa Songea alibadilisha laini mwaka uliofuata. Alinitumia ujumbe kunijulisha, ingawa hakuwa na sababu ya kunijulisha. Aliandika kwamba mgeni wa mwisho alimpigia mwezi wa tatu, mzee mmoja, wakaongea kidogo kuhusu mvua.

Siku ile kwa yule mama nilikaa mpaka alasiri. Alinikaribisha chakula, nikala, na nikiwa nakula ndipo machozi yakaja, bila sababu ya karibu, juu ya sahani ya wali. Hayakuwa mengi. Alisogeza bakuli la mchuzi upande wangu, akaendelea kula.